Tanbihi kwenye picha ya mtu iliyoundwa kwa akili mnemba: hatua za kufuata, kuanzia ridhaa

Fedha za korosho zinapoingia, wapigapicha wa Mtwara, Masasi na Newala hupata wateja wa aina moja ambao zamani hawakuwapo. Mteja anakuja na picha ndogo ya pasipoti iliyofifia na kukunjika kona, akitaka itoke picha kubwa ya ukutani ambamo mhusika amevaa vizuri, ameketi kwenye kiti cha heshima, na pengine pembeni yake yupo mtu ambaye hawakuwahi kupigwa picha pamoja. Kwa programu za akili mnemba kazi hiyo huchukua dakika chache, na ikitoka huwa nzuri kiasi kwamba asiyejua huiamini. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo peke yake: namna ya kupata ridhaa ya mwenye sura kabla ya kuunda picha, na namna ya kuweka tanbihi ndogo inayomjulisha mtazamaji anachokiona ni nini.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Kijana anayeishi Mtwara mjini analeta picha mbili. Ya kwanza ni ya mama yake mzazi, bibi wa Kimakonde anayeishi Newala, iliyopigwa kwa simu akiwa kibarazani. Usoni ana nembo, yaani zile chale za urembo ambazo wazee wa Kimakonde walichanjwa ujanani. Ya pili ni picha ya pasipoti ya baba yake ambaye ni marehemu. Anataka wazazi wake waonekane wameketi pamoja, baba akiwa amevaa kanzu, na picha hiyo itundikwe nyumbani na kutumwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kabla ya kisomo cha kumrehemu mzee.

Hatua ya kwanza: tenga kinachosafishwa na kinachobuniwa

Si kila picha iliyoguswa inahitaji tanbihi. Kuongeza mwanga, kunyoosha picha iliyopinda, kukata pembeni au kufuta mkunjo wa karatasi ni kazi za studio za siku zote, na ukiziandikia tanbihi watu watazoea kuipuuza hata pale inapohitajika. Kipimo ninachokitumia ni swali moja: je, katika picha hii kuna kitu ambacho lenzi haikukiona? Kikiwapo, tanbihi inahitajika.

Katika mfano wetu, picha ya pasipoti ya mzee inaishia mabegani. Kwa hiyo mikono yake, kanzu, kiti na namna alivyoketi vyote vitabuniwa, na jambo kubwa kuliko hayo, ukaribu wa watu wawili hao utabuniwa pia. Uso wa bibi unatoka kwenye picha halisi, lakini nao uko hatarini kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Andika orodha hiyo kwenye karatasi ya oda kabla ya kufungua programu yoyote, kwani ndiyo utakayomsomea anayeombwa ridhaa, na ndiyo itakayozaa maneno ya tanbihi.

Hatua ya pili: omba ridhaa kwa mwenye sura, kabla ya kuunda

Aliyeleta picha na kulipa si lazima awe ndiye mwenye sura. Kijana anaweza kuwa mtoto halali, tena mwenye nia njema, lakini uso si wake. Bibi yu hai, ana akili timamu na ana simu au jirani mwenye simu. Basi ndiye wa kuulizwa. Kwa marehemu, waulize mjane na watoto, na mmoja wao akikataa usiendelee mpaka wakubaliane wenyewe.

Wapo wanaoona kwamba ni afadhali kuunda kwanza, halafu kumwonyesha mhusika na kumwuliza kama ameridhika. Utaratibu huo una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba programu nyingi za namna hii hazifanyi kazi ndani ya simu yako: picha hupakiwa kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi, na ikishafika huko, kukataa kwa bibi hakuwezi kuirudisha. Ya pili ni ya kiutu zaidi, nami naiona ndiyo nzito. Picha ikishakuwapo, anayeulizwa hayuko huru tena. Wanawe wameshaiona na kuifurahia, fedha zimeshalipwa, shangazi ameshalia machozi kwa kumwona mzee. Mama anayesema hapana wakati huo ataonekana ndiye anayeharibu furaha ya watu. Ridhaa inayotolewa chini ya uzito huo ni kuridhia yaliyokwisha kutendeka.

Kuna sababu nyingine inayohusu sana pwani yetu. Mwanamke akipigwa picha amevaa ushungi, programu haijui nywele zake zikoje. Ukiiamuru imbadilishie mavazi, mara nyingi itambunia nywele, shingo na mabega, na kutoa picha ya mwanamke mwenye sura yake kamili akiwa katika hali ambayo hajawahi kuonekana mbele ya watu wa nje. Hata ukiifuta papo hapo, umeshafanya jambo ambalo hakukupa ruhusa nalo. Hapo kosa limo katika kuunda kwenyewe, na tanbihi nzuri kiasi gani haiwezi kulisafisha.

Mazungumzo ya ridhaa hayana haja ya kuwa marefu, mradi yataje mambo halisi. Kwa simu, kijana akiwa pembeni, yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo bibi. Mimi ni mpigapicha, niko na mwanao hapa Mtwara."

"Marahaba, mwanangu."

"Ameleta picha yako na ya marehemu mzee. Anataka kompyuta iwaunganishe mwonekane mmeketi pamoja. Mzee ataonekana na kanzu na mikono ambayo haimo kwenye picha yake. Hiyo itakuwa ya kubuni. Picha zenu zitapitia kwenye mtandao wa kampuni ya nje. Ikitoka, itatundikwa nyumbani na kutumwa kwenye kundi la ukoo. Chini yake tutaandika kwamba imeundwa kwa kompyuta."

"Kanzu alikuwa anavaa Ijumaa, si vibaya. Lakini hizi nembo zangu mtazifuta?"

"Hapana, bibi. Zitabaki."

"Basi zibaki. Na hiyo picha isiende kwa watu wasionijua."

Katika maneno hayo machache bibi ametoa ridhaa, na ameiwekea mipaka miwili: nembo zisiguswe, na picha isitoke nje ya ukoo. Mipaka hiyo inashinda oda ya mteja. Ikiwa kijana alitaka pia kuiweka Facebook, au kama wewe mwenyewe ulitarajia kuibandika kwenye ukurasa wa studio kama sampuli ya kazi zako, haiwezekani mpaka bibi aulizwe upya. Mwombe akutumie ujumbe mfupi wa sauti akisema mwenyewe alichokubali, uuhifadhi pamoja na picha ya awali na tarehe. Kwa mtu asiyesoma, ujumbe wa sauti ni bora kuliko fomu aliyoitia dole gumba bila kujua kilichoandikwa.

Sheria nayo imesogea upande huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Picha ya mtu anayeweza kutambulika ni taarifa yake binafsi, na studio inayokusanya na kutunza picha za wateja haiwezi kujiona iko nje ya mambo hayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa uchapishaji wa taarifa za uongo kwa nia ya kudanganya. Sizitaji ili kumtisha mtu anayejitafutia riziki. Nazitaja kwa sababu ujumbe wa sauti wa bibi na tanbihi iliyo ndani ya picha ndivyo vitakavyokusemea siku ikizuka lawama.

Zipo oda za kukataa bila mazungumzo marefu. Kijana anayeleta picha ya msichana aliyoitoa kwenye statasi yake na kutaka waonekane wawili wamevaa nguo za harusi hana ridhaa ya kukuonyesha. Mwambie arudi na msichana mwenyewe. Picha za wali wa unyago na watoto wa jando zisiingizwe kabisa kwenye programu hizi. Mtoto, yaani mtu aliye chini ya miaka 18, hawezi kujitolea ridhaa hiyo peke yake, na hata mzazi akikubali, mambo ya ndani ya jando na unyago hayakusudiwi kuonekana na watu wa nje, seuze kubuniwa na mashine.

Hatua ya tatu: unda, kisha linganisha na picha ya awali

Kabla ya kupakia, kata picha ili abaki mhusika peke yake. Ile picha ya kibarazani huenda ina mjukuu aliyesimama mlangoni au jirani anayepita, na hao hawakuulizwa. Fungua mipangilio ya programu uone kama ina sehemu ya kuzuia picha zako zisitumike kuifundisha, na kama ipo, zuia. Tunza picha ya awali ikiwa haijaguswa, kwenye folda yake.

Picha ikitoka, usiitazame peke yake, kwa maana ikiwa peke yake itakuridhisha. Iweke sambamba na ya awali, kuza zote mbili mpaka uso ujaze skrini, kisha pita sehemu kwa sehemu: paji la uso, mashavu, midomo, masikio. Programu hizi mara nyingi hulainisha ngozi, na kwa mashine, nembo za Kimakonde zinaweza kuonekana kama mikunjo au madoa yanayohitaji kuondolewa. Wakati mwingine hazifutiki zote. Mistari iliyopangika vizuri shavuni hugeuka kuwa vidoa vilivyotawanyika, ambavyo kwa mbali vinafanana na nembo lakini mwenyewe hatavitambua. Kwa bibi aliyewahi kuvaa ndonya, lile pambo la mdomoni, tundu la mdomo wa juu huweza kuzibwa kabisa. Hapo utakuwa umempa mtoto picha ya mama wa mtu mwingine.

Dawa yake si kurudia amri mara nyingi ukitumaini bahati. Chukua uso halisi kutoka kwenye picha ya awali, uuweke juu ya ule ulioundwa kwa kutumia programu ya kawaida ya kuhariri yenye tabaka, ulainishe kingo tu, na uache mwanga utofautiane kidogo ikibidi. Kama uso wa awali ni mdogo mno kuweza kukuzwa, mwambie mteja apige picha nyingine Newala, mchana, kivulini, kwa kamera ya nyuma ya simu.

Hatua ya nne: andika tanbihi ndani ya picha

Tanbihi iwe sehemu ya picha yenyewe. Maelezo yanayoandikwa chini ya picha kwenye WhatsApp hayadumu: anayeisambaza anaweza kuyaondoa, na anayeihifadhi kwenye simu hubaki na picha tupu.

Kuhusu maneno, "imehaririwa" halitoshi, kwa sababu hata picha iliyoongezwa mwanga imehaririwa. Sema kilichofanyika, na utangulize jambo ambalo mtazamaji angedanganyika nalo zaidi. Katika mfano wetu, si kanzu inayodanganya zaidi. Ni kuketi pamoja. Kwa hiyo naandika mistari miwili:

Picha imeundwa kwa akili mnemba
Wawili hawa hawakupigwa pamoja

Mahali pa kuiweka panahitaji hesabu kidogo, na hapa ndipo wengi hukosea, kwani huiweka kwenye kona ya chini. Tuseme picha ina upana wa pikseli 1080 na urefu wa pikseli 1350. Mtu akiifanya picha ya wasifu, simu huikata kwanza kuwa mraba, na ikikatwa katikati, pikseli 135 za chini zinaondoka. Kisha mraba huo huonekana kama duara, na kona zote zinapotea. Ukiweka mstari wa chini wa tanbihi pikseli 243 kutoka ukingo wa chini, hapo duara bado lina upana wa pikseli 648. Kwa herufi za kawaida zenye ukubwa wa pikseli 36, kila herufi huchukua wastani wa pikseli 18 hivi. Mstari wetu mrefu una herufi 31 pamoja na nafasi, yaani pikseli 558, na unaingia ndani ya duara ukiwa katikati. Ukiurefusha kupita herufi 35, ncha zake zitaanza kukatwa, kwa hiyo ni bora kupunguza maneno kuliko kupunguza ukubwa wa herufi.

Kanzu nyeupe itakusumbua. Maandishi meupe juu yake hayaonekani, na meusi hupotea yakiangukia suruali au kivuli cha kiti. Weka ufito mweusi usiopitisha sana mwanga nyuma ya mistari hiyo miwili, na maandishi yawe meupe. Mteja huenda akalalamika kwamba ufito unaharibu picha. Ninachomjibu ni kwamba ukubwa huo, kwenye picha ya ukutani yenye upana wa sentimita 30, ni herufi za sentimita moja tu, na mgeni anayetaka kusoma atasogea. Kama anataka nakala ya ukutani isiyo na ufito, unaweza kukubali kuichapisha kwenye karatasi huku tanbihi ikiandikwa kwenye fremu chini ya kioo, mradi faili lisilo na tanbihi lisiingie kwenye simu yake. Faili hilo ndilo litakalosafiri.

Hatua ya tano: maelezo marefu na alama ya ndani ya faili

Yale ambayo hayakuingia kwenye mistari miwili yaandikwe kwenye ujumbe unaoambatana na picha: kwamba uso wa mama unatoka kwenye picha ya simu na wa baba kwenye picha ya pasipoti, kwamba kanzu, mikono na kiti vimebuniwa, kwamba mama ameridhia, na kwamba ameomba isitoke nje ya kundi la ukoo. Sentensi hiyo ya mwisho ina kazi kubwa kuliko zote, maana mpwa aliyeko Dar es Salaam hawezi kuheshimu mpaka ambao hakuambiwa.

Mwenye kompyuta anaweza kuongeza alama ndani ya faili kwa programu ya bure ya ExifTool. Alama hii inatumia msamiati wa shirika la IPTC na inasema kwamba picha ni mchanganyiko wa picha halisi na kazi ya akili mnemba:

```
exiftool -XMP-iptcExt:DigitalSourceType="http://cv.iptc.org/newscodes/digitalsourcetype/compositeWithTrainedAlgorithmicMedia" wazazi.jpg
```

Usiitegemee peke yake. Haionekani kwa macho, na WhatsApp huondoa taarifa za namna hiyo picha inapotumwa kama picha. Hubaki tu ikiwa faili limetumwa kupitia sehemu ya `Document`.

Hatua ya sita: jaribu kabla ya kukabidhi

Jitumie picha kwenye simu ya pili kwa njia ya kawaida, kisha ihifadhi na uitume tena kutoka kwenye simu hiyo, kwa sababu kila ikitumwa hubanwa na herufi hufifia. Piga picha ya skrini. Iweke kwa muda kama picha ya wasifu, ukiwa umezuia wengine wasiione, uone kama mistari yote miwili imo ndani ya duara. Kisha mpe mtu wa ukoo ambaye hajaambiwa lolote kuhusu oda hiyo, kwa maana bibi amekataza wasiomjua, umwulize anaona nini. Akisema "ni mzee na mkewe, walipiga picha siku ya Idi", tanbihi yako haisomeki, hata kama wewe unaisoma vizuri kwa kuwa uliiandika.

Hatua ya saba: mhusika akibadili mawazo

Bibi anaweza kuiona picha na kusema haitaki tena, hata bila kutoa sababu. Mweleze tangu siku ya ridhaa kwamba haki hiyo anayo, na mweleze pia ukweli kwamba huwezi kuifuta kwenye simu za watu. Unachoweza kufanya ni hiki: futa nakala zako zote, pamoja na zile zilizobaki kwenye akaunti yako ya programu iliyounda picha, mwombe kijana aifute kwenye kundi kwa `Delete for everyone`, ambayo ina kikomo cha muda wa siku chache tu, hivyo asingoje, na muda ukiwa umepita, aandike kwenye kundi kwamba mama ameomba picha hiyo ifutwe. Picha mbili za awali mrudishie kijana. Ujumbe wa sauti wa ridhaa, pamoja na ule wa kuiondoa, ubaki kwako.